Deni la Asilimia 14, Akiba ya Asilimia 8

Ipo mikopo ambayo hairejeshwi kidogo kidogo. Mkopeshaji anataka riba yake kila mwaka, na deni la msingi analitaka lote kwa mkupuo siku ya mwisho. Hatifungani nyingi za serikali na za makampuni ziko hivyo. Mikopo mingi ya watu binafsi pia iko hivyo: mfanyabiashara anamkopesha mwenzake pesa nyingi na kumwambia kwamba baada ya miaka mitano anazitaka zote, maana marejesho ya vipande vipande yataishia kwenye matumizi.

Mkopaji mwenye busara hasubiri siku hiyo ifike ndipo aanze kuhangaika. Kila mwaka, baada ya kulipa riba, anaweka kiasi fulani pembeni, mahali ambapo nako kinazaa riba, ili siku ya mwisho akiba hiyo iwe imefikia deni kamili. Akiba ya namna hii ndiyo tunayoiita hapa mfuko wa kulipia deni. Serikali, mashirika na watu binafsi wameitumia kwa zaidi ya miaka 300.

Njia hii ni nzuri kwa nidhamu. Lakini ina gharama ambayo haiandikwi kwenye mkataba wowote, na hujitokeza pale mfuko unapozaa riba ndogo kuliko ile ya mkopo. Kwa mkopaji wa kawaida hali huwa hivyo karibu kila mara, kwa sababu benki inayokupa asilimia 8 kwa amana yako haiwezi kuishi kwa kumkopesha mwingine kwa asilimia hiyo hiyo. Basi tuipime gharama hiyo kwa hesabu, ili mtu aijue kabla ya kutia saini.

Mwenye mashine na deni la milioni kumi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ifakara anakopa Sh 10,000,000 kwa miaka mitano, riba asilimia 14 kwa mwaka. Masharti ni kwamba atalipa riba kila mwisho wa mwaka, na milioni kumi atazilipa zote mwishoni mwa mwaka wa tano. Amepata mahali pa kuweka akiba panapompa asilimia 8 kwa mwaka, na riba ya kila mwaka inaachwa humo humo ili nayo izae.

Riba ya mkopo haina ugumu: asilimia 14 ya milioni kumi ni Sh 1,400,000, na kiasi hicho hakibadiliki mwaka hata mwaka, kwa kuwa deni la msingi halijaguswa. Swali ni aweke kiasi gani mfukoni kila mwaka. Akigawa milioni kumi kwa tano atapata milioni mbili, lakini hiyo ni zaidi ya inavyohitajika, maana akiba ya mwaka wa kwanza itazaa kwa miaka minne, ya mwaka wa pili kwa miaka mitatu, na kuendelea hivyo. Shilingi moja ikiwekwa kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitano, kwa asilimia 8, inafikia Sh 5.8666. Gawa milioni kumi kwa 5.8666, unapata Sh 1,704,565. Hicho ndicho kiasi cha kuweka.

Mfuko wake utakwenda hivi. Mwisho wa mwaka wa kwanza una Sh 1,704,565. Mwaka wa pili unapata riba ya Sh 136,365 na mchango mpya, unafika Sh 3,545,494. Mwaka wa tatu unafika Sh 5,533,698, wa nne Sh 7,680,959, na wa tano unatimia Sh 10,000,000. Katika hizo, Sh 8,522,823 zimetoka mfukoni mwake mwenyewe, na kama Sh 1,477,000 ni riba ambayo mfuko umezaa.

Kwa hiyo kila mwaka anatoa riba ya Sh 1,400,000 na mchango wa Sh 1,704,565, jumla Sh 3,104,565. Hiyo ndiyo namba ya kuikumbuka.

Sasa tuilinganishe na mkopo wa kawaida wa marejesho, ule ambao kila rejesho linabeba riba na kipande cha deni la msingi. Kwa Sh 10,000,000 hizo hizo, miaka mitano na riba hiyo hiyo ya asilimia 14, rejesho la kila mwaka lingekuwa Sh 2,912,835. Tofauti ni Sh 191,730 kwa mwaka. Kwa miaka mitano mama huyu anatoa karibu Sh 958,650 zaidi, ingawa mikataba yote miwili imeandikwa asilimia 14.

Pesa hizo zinakwenda wapi

Hakuna aliyemwibia. Mkopeshaji amepata asilimia 14 yake, wala hakuchukua zaidi. Walioshika akiba yake wamempa asilimia 8 waliyoahidi. Hasara iko katikati ya hao wawili. Shilingi iliyokwenda kupunguza deni humwokolea mkopaji riba ya asilimia 14, na shilingi iliyokwenda mfukoni humpa asilimia 8 tu. Zile asilimia 6 zilizobaki anazilipia kwa kila shilingi inayokaa mfukoni, kwa kila mwaka inaokaa humo.

Ndiyo maana hasara hiyo haionekani mwanzoni, halafu inakua kadiri mfuko unavyonona. Ili kuiona vizuri, usilitazame deni peke yake wala mfuko peke yake. Toa mfuko kwenye deni, upate deni halisi, yaani kile ambacho angebaki akidaiwa kama angeuvunja mfuko leo na kumpa mkopeshaji. Kisha chukua riba anayolipa mwaka huo, utoe riba ambayo mfuko wake unazaa, upate riba halisi. Ukigawa riba halisi kwa deni halisi unapata asilimia anayolipa kweli mwaka huo.

Mwaka wa kwanza mfuko haujaanza, kwa hiyo anadaiwa milioni kumi kamili na kulipa asilimia 14 kamili. Mwaka wa pili deni halisi ni Sh 8,295,435 na riba halisi ni Sh 1,263,635, ambayo ni asilimia 15.2. Mwaka wa tatu inapanda hadi asilimia 17.3. Mwaka wa nne inafika 21.4.

Mwaka wa tano ndio wa kutazamwa kwa makini. Mfuko una Sh 7,680,959, kwa hiyo deni halisi ni Sh 2,319,041 tu. Lakini mkopeshaji bado anadai riba ya milioni kumi nzima, Sh 1,400,000. Mfuko unamrudishia Sh 614,477. Zinazobaki ni Sh 785,523, naye anazilipa kwa deni halisi la milioni mbili na laki tatu na kidogo. Hiyo ni karibu asilimia 34. Mtu huyu huyu, akiambiwa kuna mkopo wa asilimia 34, angekataa pale pale. Lakini kwa mwaka mzima anaulipia mkopo wa namna hiyo, na risiti zake zote zinaonyesha asilimia 14.

Kwenye mkopo wa marejesho mambo huenda kinyume. Deni linapungua kweli, na riba inapungua pamoja nalo. Katika mwaka wa tano, riba iliyomo ndani ya rejesho lake ingekuwa Sh 357,717 tu.

Asilimia 14 inayozidi 16

Tukiunganisha miaka yote mitano, mkopo wake una gharama sawa na mkopo wa marejesho wenye riba ya asilimia ngapi? Jibu ni asilimia 16.7. Yaani kama benki ingemkopesha milioni kumi kwa asilimia 16.7, kwa marejesho ya kila mwaka, angelipa kiasi kile kile cha Sh 3,104,565.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme, kabla ya kutia saini, benki ilimpa nafasi ya mkopo wa marejesho wa asilimia 16. Angeukataa kwa haraka, kwa sababu 16 ni kubwa kuliko 14. Lakini rejesho la mkopo huo kwa mwaka ni Sh 3,054,094, pungufu kwa Sh 50,471 kuliko anazotoa sasa. Mkopo ulioonekana ghali ndio uliokuwa nafuu. Ungefika asilimia 17, rejesho lingekuwa Sh 3,125,639, na hapo ndipo mkopo wa asilimia 14 pamoja na mfuko ungeshinda.

Watu wa hesabu za fedha wana kanuni ya haraka ya kukadiria jambo hili bila mashine. Chukua tofauti ya riba mbili, igawe kwa mbili, kisha ongeza jibu kwenye riba ya mkopo. Kwa mama wa Ifakara tofauti ni asilimia 6, nusu yake ni 3, jibu ni 17. Ukweli ni 16.7, kwa hiyo kanuni imekaribia sana. Lakini isitumiwe kwa mikopo mirefu. Mkopo wa miaka 20 kwa viwango hivyo hivyo una gharama halisi ya takriban asilimia 15.2, na kanuni bado ingesema 17. Kwenye mkopo mrefu michango ya kila mwaka ni midogo, na mfuko unakaa miaka mingi ukiwa mdogo kabla ya kunona, kwa hiyo tofauti ya riba haipati mengi ya kula.

Mwenye kompyuta au simu yenye jedwali la hesabu hana haja ya kukadiria. Mistari mitatu inatosha. Wa kwanza unatoa mchango wa mfuko, wa pili rejesho la mkopo wa kawaida, na wa tatu riba halisi ya mpango wote:

```
=PMT(0.08, 5, 0, -10000000)
=PMT(0.14, 5, -10000000)
=RATE(5, -3104565, 10000000)
```

Badilisha viwango, miaka na kiasi viwe vya kwako. Alama ya kutoa isisahaulike, kwani ndiyo inayotofautisha pesa inayoingia na inayotoka.

Kwa nini watu huutumia hata hivyo

Msomaji anaweza kuuliza: kama ni hasara, si bora kuachana nao kabisa? Inategemea unaulinganisha na nini. Ukiulinganisha na kupunguza deni lenyewe, mfuko unashindwa. Lakini mara nyingi kupunguza deni hakuruhusiwi; mkataba umesema siku moja, mkupuo mmoja. Hapo chaguo linalobaki ni kuwa na mfuko au kutokuwa nao, na kutokuwa na kitu siku ya mwisho kuna gharama yake.

Kenya iliuza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 2014. Sehemu kubwa ilikuwa ya miaka kumi, yenye riba ya asilimia 6.875, na baada ya kuongezwa mwishoni mwa mwaka huo ilifika dola bilioni 2. Dola hizo zote zilitakiwa kwa mkupuo Juni 2024. Siku zilipokaribia, Februari 2024, serikali iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu kubwa ya ile ya zamani. Riba ya mpya ilikuwa asilimia 9.75. Anayefika siku ya mwisho bila akiba hukopa kwa bei ya soko la siku hiyo, iwe nzuri au mbaya.

Kwa hiyo tofauti ya riba ni bei ya kujihakikishia. Mama wa Ifakara anatoa karibu Sh 191,730 kwa mwaka ili asijikute mwaka wa tano akibisha hodi kwa wakopeshaji wengine huku mashine yake ikiwa rehani. Bei hiyo inaweza kuwa halali kabisa. Kosa ni kuilipa bila kujua, au kuilipa wakati mkopeshaji angekubali njia nyingine.

Somo la Uingereza

Taifa moja liliwahi kuifanya hesabu hii vibaya kwa miaka mingi, na habari zake zinafaa kujulikana. Mwaka 1772 mchungaji na mwanahisabati Richard Price alichapisha kijitabu kuhusu deni la taifa la Uingereza. Alivutiwa sana na nguvu ya riba inayozaa riba. Alipiga hesabu kwamba peni moja iliyowekwa Kristo alipozaliwa, kwa asilimia 5, ingekuwa imefikia thamani ya mamilioni ya dunia za dhahabu tupu. Akaona kwamba mfuko usioguswa ungeweza kulimaliza deni lolote, ukipewa muda tu.

Mwaka 1786 Waziri Mkuu William Pitt Mdogo alianzisha mfuko wa namna hiyo. Kila mwaka pauni milioni moja zilikabidhiwa makamishna, nao wakanunua hatifungani za serikali. Hatifungani hizo hazikufutwa. Ziliendelea kulipwa riba, na riba hiyo ikaenda kununua nyingine. Mwanzoni, wakati wa amani, pesa hizo zilitoka kwenye ziada ya mapato, na mpango ulikuwa na maana.

Vita na Ufaransa vilipoanza mwaka 1793, ziada ilikwisha. Serikali ilihitaji pesa za jeshi kila mwaka, ikawa inakopa. Lakini mfuko haukusimamishwa, kwa kuwa ulikwisha kuwa kama amana takatifu machoni pa wananchi. Hivyo serikali ilikopa kwa mkono mmoja ili kuujaza mfuko kwa mkono mwingine. Mikopo mipya ya wakati wa vita ilikuwa ghali, na hakuna pauni ya mfuko iliyozaa zaidi ya pauni iliyokopwa kuujaza. Juu ya hayo kulikuwa na gharama za kuendesha pande zote mbili. Deni la taifa lilikua, na makamishna waliendelea kutoa taarifa za kutia moyo kuhusu kiasi walichonunua.

Mwaka 1813 Robert Hamilton, profesa wa hisabati wa Aberdeen, alichapisha kitabu kilichoumaliza mjadala. Hoja yake ilikuwa nyepesi: deni hupungua kwa njia moja tu, nayo ni mapato kuzidi matumizi. Mfuko unaojazwa kwa pesa ya kukopa haupunguzi chochote, hata riba yake ikizaana namna gani, kwa sababu riba ya upande wa pili nayo inazaana. Mchumi David Ricardo aliiendeleza hoja hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1820. Mwaka 1829 utaratibu wa zamani uliondolewa, na ikaamuliwa kwamba deni litapunguzwa kwa ziada halisi tu.

Kosa hilo bado linafanyika majumbani. Mtu ana akiba ya lazima au amana anayojivunia, na mchango wa mwezi huu ameupata kwa kukopa kwenye simu. Akiba inakua kweli. Lakini deni lililoilisha linakua kwa kasi zaidi.

Mahali mfuko unapopasuka

Hata anayejua bei ya mfuko anaweza kufika mwisho akiwa amepungukiwa. Sababu ya kwanza ni kodi. Mama wetu alipanga kwa asilimia 8, lakini riba ya amana ya benki hukatwa kodi ya zuio kabla haijamfikia. Tanzania ni asilimia 10 ya riba hiyo, Kenya ni asilimia 15. Kwa Tanzania asilimia 8 inabaki 7.2. Akiendelea kuweka Sh 1,704,565 kila mwaka, siku ya mwisho atakuta Sh 9,841,704. Atapungukiwa Sh 158,296, na mkopeshaji hatapokea kodi kama sababu. Mchango sahihi kwa asilimia 7.2 ni Sh 1,731,982. Ni nyongeza ya Sh 27,400 hivi kwa mwaka, ambayo haimuumizi mtu ikijulikana tangu mwanzo.

Sababu ya pili ni kwamba riba ya mkopo mara nyingi imefungwa kwenye mkataba, na ya akiba haijafungwa. Tuseme baada ya mwaka wa tatu, mfuko ukiwa na Sh 5,533,698, riba ya amana inashuka kutoka asilimia 8 hadi 6. Akiba iliyopo itafika Sh 6,217,763 mwishoni mwa mwaka wa tano, na zinazobaki itabidi zitoke kwenye michango miwili ya mwisho. Kila mchango utakuwa Sh 1,836,037, zaidi ya Sh 131,000 juu ya ule wa zamani. Dalili yake ni rahisi kuiona kwa anayeitafuta. Andika tangu siku ya kwanza namba ambayo mfuko unapaswa kuwa nayo kila mwisho wa mwaka, kama zile tulizoziona juu, kisha linganisha na taarifa ya akaunti. Ukiwa nyuma, piga hesabu upya mwaka huo huo. Pengo la laki moja likigunduliwa mapema linagawanyika kwa miaka iliyobaki; likigunduliwa wiki ya mwisho linalipwa lote kwa siku moja.

Sababu ya tatu ni binadamu mwenyewe. Mfuko uliofika milioni saba unaonekana kama utajiri, na shida za nyumbani hazikosi: ada, msiba, ugonjwa, kiwanja kinachouzwa kwa bei nzuri. Kwenye mkopo wa marejesho pesa ikishatoka haishikiki tena. Kwenye mfuko inashikika. Ndiyo maana mikataba ya hatifungani yenye mifuko ya namna hii huiweka chini ya mdhamini, ambaye mkopaji hawezi kumwomba azitoe kwa jambo lingine. Mkopaji mdogo anaweza kufanya kitu kinachofanana: amana ya muda maalumu inayokomaa karibu na siku ya deni, au akaunti inayotaka saini mbili, ya pili ikiwa ya mtu asiyeogopa kukataa.

Nusu ya njia

Limebaki jambo moja ambalo wakopaji wengi hawaliulizi. Mfuko ukishanona, mwombe mkopeshaji akubali kupokea sehemu ya deni kabla ya wakati, hata kama mkataba unamtaja kama anayelipwa mwishoni. Mara nyingine atakataa, naye ana haki. Lakini mfanyabiashara anayehitaji mtaji wa msimu mpya anaweza kufurahi.

Tuseme mwishoni mwa mwaka wa tatu mkopeshaji anakubali kupokea mfuko wote wa Sh 5,533,698, na deni linalobaki la Sh 4,466,302 linalipwa kwa marejesho mawili ya asilimia 14 ile ile. Kila rejesho litakuwa Sh 2,712,339. Badala ya kutoa Sh 3,104,565 kwa miaka miwili ya mwisho, mama anapunguziwa Sh 392,226 kila mwaka, jumla Sh 784,452. Hata kama mkopeshaji atadai fidia ya asilimia 3 kwa kupokea mapema, hiyo ni Sh 166,011, na bado faida ni kubwa. Miaka hiyo miwili ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikimgharimu asilimia 21 na asilimia 34, kwa hiyo ndiyo miaka ya kupigania.

Swali hili ni bora liulizwe siku ya kuandikishana, wakati mkopeshaji bado anamtaka mteja. Sentensi moja kwenye mkataba inayomruhusu mkopaji kulipa sehemu ya deni la msingi kabla ya wakati, pamoja na fidia inayojulikana, ina thamani kuliko nusu asilimia ya punguzo la riba.

Dawa ya deni ni kulipa, na mfuko ni njia halali ya kuiandaa dawa hiyo pale mkopeshaji asipokubali nyingine. Lakini usiupime mkopo wa namna hii kwa riba iliyoandikwa juu ya karatasi. Jumlisha riba ya mwaka na mchango wa mfuko baada ya kodi, linganisha jumla hiyo na rejesho la mkopo wa kawaida, kisha uchague ulio mdogo. Na ukiwa tayari unao mfuko unaozaa chini ya riba ya deni lako, mwulize mkopeshaji mwaka huu, si mwaka wa mwisho, kama atakubali kupokea sehemu yake sasa.